Simu Yangu Ilikuwa Inasikiza Amplifaya, Sio Gitaa

Leo sina stori ya trendi. Leo nakiri dhambi.

Kuna video kwenye grupu ya familia yetu ambayo mimi huipita haraka nikishuka. Ni harusi ya binamu yangu. Amesimama mlangoni na mama yake, ukumbi umenyamaza, na mimi niko pale mbele na gitaa ya marehemu baba yake. Hiyo gitaa ndiyo ilikuwa mpango mzima. Aliniambia wiki tatu kabla: "Wewe, sitaki kibodi, sitaki dijei. Nataka kuingia na gitaa ya dadi, hiyo tu." Sawa. Nikapiga kordi ya kwanza, D, na ukumbi ukasikia kitu kama ng'ombe amekanyagwa mguu.

Vidole vilikuwa mahali pake. Wimbo niliujua hadi usingizini. Shida ilikuwa uzi mmoja tu, uzi wa nne, ule wa D, ambao ulikuwa umelegea. Na kinachouma ni kwamba nilikuwa nimeutyuni dakika kumi kabla, na simu, nikiangalia mshale kwa macho yangu mawili.

Wengi wenu mnatumia hizi apu za kutyuni. Unapiga uzi, mshale unatingisha, ukifika katikati unageuka kijani, umemaliza. Mimi pia nilikuwa nimeamini kijani kama taa za barabarani. Baada ya ile harusi nikakataa kulala kabla sijajua simu husikiza nini hasa ikiwa kwenye chumba cha fujo. Kwa sababu fujo kweli ilikuwa: watoto wanakimbizana chini ya meza, mashangazi wanapanga sahani, emsii anajaribu maiki na lile neno lake "hiyo, hiyo, hiyo".

Nilichogundua ni kwamba hizo fujo zote hazikuwa na hatia. Aliyenichoma picha alikuwa kitu kimetulia kabisa.

Ngoja nieleze polepole.

Maiki ya simu haijui gitaa ni nini. Inachofanya ni kupima msukumo wa hewa, mara 44,100 kwa sekunde (simu nyingine 48,000), na kuandika kila kipimo kama namba. Kwa hivyo ndani ya simu hakuna sauti, kuna mstari mrefu wa namba zinazopanda na kushuka. Sauti ya gitaa, ya mtoto analia, ya sahani, zote zimejumlishwa kwenye mstari huo mmoja. Hazina lebo.

Sasa apu inatoaje uzi wako kwenye hiyo supu? Watu wengi, mimi nikiwa wa kwanza, tunadhani inachukua sauti kubwa zaidi. Hapana. Inatafuta kitu kinachojirudia.

Fikiria leso. Chukua leso mbili za aina moja, zile zenye ua dogo linalojirudia mji mzima. Weka moja juu ya nyingine, halafu isukume ya juu polepole kwenda kulia. Mwanzoni maua hayapatani, unaona vurugu tu. Endelea kusukuma na ghafla kila ua linaangukia ua. Pima umesukuma kiasi gani. Huo ndio umbali kati ya ua moja na lingine, na haukuhitaji hata kujua ua lenyewe linafanana vipi.

Apu inafanya hivyo na zile namba. Inachukua kipande kifupi cha sauti, tuseme namba 4,096, ambazo ni chini kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde. Inatengeneza nakala, inaisukuma hatua moja, inatoa namba za nakala kwa namba za kwanza na kuangalia tofauti iliyobaki ni kubwa kiasi gani. Inasukuma hatua ya pili, ya tatu, inaendelea. Mahali tofauti inaposhuka karibu na sifuri, hapo ndipo maua yamekutana. Uzi wa D ukiwa sawa hutetemeka mara 146.8 kwa sekunde, yaani 146.8 Hz. Gawanya 44,100 kwa hiyo, unapata kama hatua 300. Kwa hivyo ukipiga D iliyo sawa, shimo kubwa linatokea kwenye hatua ya 300. Uzi ukilegea kidogo, shimo linasonga mbele, 302, 305. Ukikazwa, linarudi nyuma. Mshale unaouona ni hilo shimo tu, limetafsiriwa.

Hii njia ya kutoa na kutafuta shimo iko kwenye mbinu moja maarufu inayoitwa YIN, iliyochapishwa mwaka 2002 na Alain de Cheveigné na Hideki Kawahara. Sio apu zote zinatumia hiyo hiyo, lakini nyingi ni ndugu zake.

Sasa ona vile inashughulikia fujo. Sahani ikigongwa, zile namba zinaruka juu mara moja na haziji tena kwa mpangilio. Mtoto akipiga kelele, sauti yake inapanda na kushuka kila saa. Ukisukuma nakala hatua 300, mruko wa sahani hauangukii mruko mwingine, unaangukia popote tu. Huku uzi wako, kila hatua 300, unajipata tena. Kwa hivyo fujo inafanya shimo lisiwe refu sana, lakini hailisogezi sana. Ndiyo maana unaweza kutyuni ndani ya chumba ambacho wewe mwenyewe husikii vizuri. Na fujo ikizidi kabisa, shimo likikosa kina cha kutosha, apu nzuri inanyamaza. Ule wakati mshale unapotea na unaanza kuigonga simu kwa hasira, usiigonge. Inakuambia "sina uhakika", na hilo ni jibu la heshima kuliko kubahatisha.

Kuna jambo hapa lilinichekesha. Simu hiyo hiyo, ukipiga nayo kolu, ina mtindo wa kuondoa kelele ili mwenzako akusikie. Na kwa huo mtindo, kelele ni kile kitu kinachovuma bila kubadilika, kama feni, kwa sababu maneno ya mtu hubadilika kila wakati. Kwa tyuna ni kinyume kabisa: kinachobadilika ndicho kelele, kinachokaa ndicho muziki. Kwa hivyo apu ya kutyuni iliyoandikwa vizuri huiomba simu sauti mbichi, ambayo haijasafishwa. Ikipewa ile ya kolu, uzi wako ukivuma sekunde mbili tatu unaweza kuanza kufifishwa kama feni. Ukiona apu inashika ule mpigo wa kwanza halafu inakosa mwendelezo hata chumba kikiwa kimya, jaribu apu nyingine kabla hujalaumu maiki.

Haya, turudi kwenye harusi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimebadilisha uzi wa D kwa sababu wa zamani ulikuwa na kutu. Aliyewahi kuweka uzi mpya anajua tabia yake: unavutika. Unautyuni, baada ya robo saa umelegea tena. Zile nyuzi zingine tano zilikuwa poa, nilizitengeneza nyumbani kukiwa kimya. Kwa hivyo kufika ukumbini kazi yangu ilikuwa moja tu, kurekebisha D kila baada ya muda. Nikaiweka apu kwenye D pekee, isihangaike na nyuzi zingine. Halafu nikatafuta mahali pa kuegemeza simu niione vizuri nikiwa nimeshika gitaa. Karibu yangu kulikuwa na amplifaya kubwa ya besi. Imewashwa, haipigwi, inavuma tu "mmmmm". Nikaegemeza simu hapo juu.

Nikapiga D. Mshale ukaja karibu na katikati, halafu sauti ilipofifia ukateleza kulia. Kulia maana yake uzi umekazwa sana. Nikalegeza kidogo. Nikapiga. Ukakuja katikati, ukateleza kulia, ukakaa palepale. Nikalegeza tena. Kulia tena, palepale. Mimi nikajiambia huu uzi mpya ni mkaidi. Nikalegeza mara ya nne, na emsii akatangaza kwamba bi harusi yuko mlangoni.

Baada ya sherehe, nikiwa nimejificha nyuma na sahani ya pilau ambayo haikupita kooni, mzee aliyekuwa anapiga besi akaja akaketi. Hakunicheka. Akaniuliza, "Kijana, ulikuwa umeweka simu wapi?"

"Hapo juu ya amplifaya, mzee."

Akatikisa kichwa. "Basi ulikuwa unatyuni stima."

Sikuelewa. Ikabidi nirudi ukumbini Jumatano iliyofuata, jamaa wa saundi akanikubalia nusu saa. Nilienda na apu nyingine, ile inayochora vilima kuonyesha sauti ziko kwenye Hz ngapi. Tukawasha amplifaya peke yake, ukumbi mtupu, nikaweka simu pale pale. Vilima vikatokea: kimoja kifupi kwenye 50, kingine kwenye 100, na kirefu kuliko vyote kwenye 150.

Hiyo 50 sio bahati. Stima ya Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Amplifaya yenye kasoro, kwa mfano ambayo waya wake wa athi haujafungwa vizuri, huvuja hiyo 50 pamoja na vizidisho vyake hadi kwenye spika: 100, 150, 200, na kuendelea. Na maiki ya simu kwa kawaida husikia sauti nzito sana vibaya, ndiyo maana kile kilima cha 50 kilionekana kifupi.

Sasa weka namba mbili kando kwa kando. Uzi wangu ulitakiwa uwe 146.8. Amplifaya ilikuwa inaimba 150. Kwa wanamuziki, nafasi kati ya noti moja na ile inayofuata, hiyo nusu toni, imegawanywa senti mia moja. Kutoka 146.8 hadi 150 ni kama senti 37, zaidi kidogo ya thuluthi ya nusu toni. Na mimi nilikuwa nimeiambia apu itafute karibu na D tu. Kwa hivyo nikipiga uzi, ulikuwa na nguvu kuliko amplifaya, shimo likawa pale kwenye 300, mshale ukasema ukweli. Uzi ulipofifia, amplifaya ikabaki peke yake, shimo likahamia hatua ya 294, mshale ukateleza kulia. Haukuwa unanionyesha uzi tena. Mimi nikazidi kulegeza, na amplifaya, kusema kweli, haina kitu cha kulegezwa.

Tukajaribu pia kuiacha apu ijichagulie noti yenyewe. Bila gitaa yoyote kuguswa, ikaandika G, mshale umeenda kulia. Kwa sababu 50 na 100 zote ziko juu kidogo ya noti ya G, kama senti 35. Kwa hivyo mkiwa hapa nchini na simu yenu inawaambia G kila mahali, hata mkiwa hamjashika kitu, sasa mnajua ni nani anaimba. Na mbaya zaidi kwetu sisi wa gitaa, vizidisho vya 50 vinakaa juu kidogo ya nyuzi tatu za katikati: 150 juu ya D, 200 juu ya G ambayo inataka 196, 250 juu ya B ambayo inataka karibu 247. Uzi mnene wa E na ule wa A angalau viko mbali navyo.

Dalili zilikuwepo, mimi ndiye sikuzisoma. Ya kwanza: mshale ulirudi mahali palepale baada ya kugeuza kikazio. Uzi ukigeuzwa lazima mshale usonge. Kama umegeuza na hausongi, unachosikizwa sio uzi huo. Ya pili: mshale ulitulia mno. Uzi halisi ukipigwa kwa nguvu huanza juu kidogo halafu hushuka unapofifia, kwa sababu mwanzoni unavutika na mtetemo wake mkubwa. Mshale wa uzi unapumua. Mshale wangu, baada ya kuteleza, ulisimama kama askari wa lango.

Nilipotoka pale nilikuwa na tabia moja mpya, na ni rahisi hadi inaudhi. Kabla ya kutyuni, laza kiganja juu ya nyuzi zote ziwe kimya, na uangalie skrini. Ikiwa tupu, endelea. Ikiwa na noti, basi kuna mtu au kitu kingine ndani ya chumba kinachojirudia: feni, friji, jenereta, mpiga kibodi ameshikilia kordi, mwenzako anatyuni gitaa yake kando yako. Huyu wa mwisho ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu yeye anapiga D ile ile na simu haiwezi kujua D ya nani ni ya nani. Hapo hakuna hesabu itakuokoa. Mwambie angoje.

Ukishajua kuna mgeni, dawa ya kwanza ni umbali. Nimeona watu wakiweka simu mezani mita moja kutoka kwa gitaa halafu wanapiga uzi kwa hasira. Kupiga kwa nguvu hakusaidii sana, tena kunafanya uzi uanze juu zaidi. Sogeza maiki. Iko chini ya simu karibu na tundu la chaja kwa simu nyingi, kwa hivyo elekeza hapo kwenye tundu la gitaa, upana wa kiganja tu. Kutoka mita moja hadi sentimita kumi, sauti ya gitaa inapanda sana kwenye maiki, huku ya amplifaya iliyo mbali inabaki ile ile. Mimi siku ya harusi nilifanya kinyume: nilimpa adui kiti cha mbele.

Ya pili nilifundishwa na yule mzee wa besi. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, bila kuukandamiza, piga, halafu ondoa kidole. Unapata sauti kama kengele, oktavi moja juu. Kwa D inakuwa karibu 294 Hz, na huko maiki ya simu inasikia vizuri zaidi. Kwenye amplifaya yetu kilima cha 300 kilikuwa kifupi sana kuliko kile cha 150, kwa hivyo uzi ulishinda hadi ulipofifia kabisa. Apu bado itaandika D, usijali.

Na kama unapiga mahali pa fujo kila wikendi, kuna zile tyuna za klipu zinazobanwa kwenye kichwa cha gitaa. Hazisikizi hewa, zinahisi mtetemo wa mbao. Emsii anaweza kupiga mayowe kando yake na haitajali. Lakini bado nimeona moja ikichanganyikiwa, gitaa ikiwa imeegemezwa kwenye spika inayounguruma, kwa hivyo hata nayo, kiganja kwanza.

Ile video nimeisikiza mara moja tu tangu hapo, kwa ajili ya kazi. Nilitaka kujua nilikosea kwa kiasi gani. Kabla ya kordi nilipiga uzi wa D peke yake, kwa hivyo unasikika wazi: karibu 144 Hz, senti kama 34 chini. Kwenye kordi ya D kuna D nyingine, kwenye uzi wa B freti ya tatu, ambayo ilikuwa sawa, karibu 294. Oktavi ya uzi wangu mbovu ilikuwa 288. Sauti mbili zinazokaribiana hivyo hugombana, na ugomvi unasikika kama "wau-wau-wau", mara sita kwa sekunde, ambazo ndizo tofauti ya 294 na 288. Nikaipunguza kasi video nikazihesabu. Zilikuwa sita. Ng'ombe wangu alikuwa na hesabu.

Mwezi uliopita binamu yangu akaja nyumbani na mumewe. Baada ya chai akasema, "Leta hiyo gitaa. Unanidai wimbo." Joto lilikuwa limezidi, feni inazunguka, runinga ya jirani inasikika ukutani. Nikakaa, nikaweka simu gotini, nikalaza kiganja kwenye nyuzi na kuangalia skrini.

"Si upige," akasema. "Unangoja nini?"

"Nangoja inyamaze," nikamwambia. Skrini ilikuwa inaandika G. Mumewe akainuka akazima feni.